Mwalimu mstaafu na kengele za simu

SWALI

Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu mwaka jana kwa umri wa miaka 60, na ninaishi Mtanda, mjini Lindi. Tangu nikabidhi ofisi, siku zangu hazina kichwa wala miguu. Mara nyingine hata kujua kama leo ni Jumanne au Alhamisi ni kazi. Binti yangu anayeishi Dar es Salaam alipokuja likizo alinitegea vikumbusho 11 kwenye simu: dawa ya presha, mazoezi, kusoma gazeti, kunywa maji, kumwagilia bustani, kupumzika, hadi kimoja kinachosema "Baba, tabasamu". Mwanzoni nilivifuata kama ratiba ya shule. Sasa simu inalia, naizima, naendelea kukaa pale pale barazani, na mama watoto anasema afadhali simu yenyewe wapewe wajukuu wachezee. Kilichonitia hofu ni kwamba wiki iliyopita niliizima kengele ya dawa vivyo hivyo, kisha sikukumbuka kama nimemeza au sikumeza. Je, nivifute vyote, au ipo namna ya kuvitumia vikanipa siku yenye mpangilio?

Mstaafu, Mtanda, Lindi

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Usivifute vyote. Kibakishe cha dawa, na vile 10 vingine vizime kwa muda bila kuvifuta, mpaka utakapoamua kipi kina kazi na kipi hakina. Suala la dawa nitalieleza peke yake, kwa sababu kengele yake ni ya aina nyingine kabisa, na tatizo la simu yako limeanzia pale ilipochanganywa na nyingine.

Kengele ya shule hukuitii miaka yote ile kwa ajili ya sauti yake. Ilipogongwa, kulikuwa na watoto wanaoutazama mlango, kulikuwa na mwalimu wa kipindi kilichopita anayetaka kutoka, na ungekawia dakika 5 tu, kelele za darasa lako zingekutangaza shule nzima. Kikumbusho cha kusoma gazeti hakina mtu upande wa pili. Ukikizima hakuna anayejua, hakuna anayelalamika wala kinachoharibika, na kwa hiyo mkono hujifunza upesi kukizima. Mkono ukishazoea kuzima kengele zisizo na uzito, huzima na zile zenye uzito, maana kwake zote ni mlio mmoja.

Nikusimulie habari za mwalimu mmoja wa Mikindani, mama aliyefundisha madarasa ya chini karibu utu uzima wake wote, ambaye amekubali nieleze haya mradi nisimtaje jina. Alipostaafu alijitendea kwa mkono wake mwenyewe yale ambayo wewe ulitendewa na binti yako, tena kwa ukali zaidi. Aliigawa asubuhi yake katika vipindi vya dakika 40 kama alivyozoea: saa 2 kamili kufagia uwanja, saa 2 na dakika 40 kufua, saa 3 na dakika 20 kwenda ufukweni kutafuta samaki, na saa 4 mapumziko ya chai. Kila kipindi kilikuwa na kengele yake kwenye simu. Anasema mwezi wa kwanza aliona fahari, na majirani walimsifu kwamba mwalimu hajazeeka.

Kasoro zilijitokeza kwa mambo madogo. Kufagia uwanja kulimalizika kwa robo saa, naye akabaki amekaa kwenye kigoda, fagio mkononi, akingoja kengele imruhusu kwenda kufua. Mgeni alipoingia, kengele ililia katikati ya salamu, na mgeni akadhani anafukuzwa. Kule ufukweni mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu maji ya bahari hayafuati saa ya ukutani. Kupwa na kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivi kwamba saa ambayo leo maji yamekupwa, baada ya wiki moja huwa yamejaa. Wavuvi wanaovua karibu na ghuba hufuata maji hayo, na baadhi ya siku huwahi au huchelewa kwa sababu ya upepo. Mama huyu alifika saa 3 na dakika 20 kila siku, mara akakuta samaki wamekwisha, mara akakuta ngalawa bado hazijatia nanga, na mara chache akabahatika. Alihitimisha kwamba yeye ndiye mvivu. Hakuwa mvivu, alikuwa ameifunga kwenye saa shughuli ambayo mwenye saa yake ni mwezi.

Aliyemtoa hapo ni mazoea yake ya kazi. Siku moja alipekua kabati akakuta daftari la azimio la kazi lililobaki na kurasa tupu, akaamua kuzijaza. Katika safu ya kwanza aliandika kila kengele iliyolia, katika ya pili akaandika alichokuwa akifanya ilipolia, na katika safu ya maoni akaandika kama aliinuka au aliizima. Alifanya hivyo kwa wiki nzima bila kubadilisha chochote, na naomba nawe ufanye hivyo kwa vile 10 kabla ya kuvizima, kwa sababu kumbukumbu ya barazani hudanganya. Mwisho wa wiki kurasa zilimwonyesha mambo ambayo hakuyatarajia. Kengele ya kufagia ilimkuta kila siku ameshaanza kufagia, kwa hiyo haikuwa na kazi. Kengele ya kunywa maji aliizima siku zote saba bila hata kusoma maandishi yake. Ile ya kufua ilimkasirisha siku ambazo hapakuwa na nguo za kufua. Kengele pekee iliyomwinua kila ilipolia ni ya Jumamosi alasiri, iliyomkumbusha kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, ambako yeye ndiye mweka hazina na funguo ya sanduku anayo yeye.

Hapo ndipo alipoelewa mambo yanavyokwenda, na mimi sina kanuni bora kuliko hiyo yake: kikumbusho hushika pale ambapo mtu mwingine atakwama usipokitii. Alifuta kengele zote isipokuwa mbili, akaanza kutafuta watu badala ya saa. Alimwomba jirani yake, ambaye mumewe ni mvuvi na kwa hiyo anajua maji yalivyo, ampigie hodi kila anapokwenda ufukweni. Sasa siku moja hodi hupigwa saa 1 asubuhi na siku nyingine saa 5, na anasema kwamba kutojua saa kamili kumemfanya awe amevaa na kujiandaa mapema, jambo ambalo kengele ya dakika 40 haikuwahi kumfanyia. Alikubaliana pia na wazazi wa mtaani kwamba Jumanne na Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, watoto watano wanaosumbuka kusoma waje barazani kwake wasome kwa sauti. Hakuitegea kengele hata moja shughuli hiyo. Watoto hufika wenyewe, na asipokuwepo hukaa wakipiga kelele mpaka mtaa mzima ujue. Nisisitize kwamba hakufungua darasa la masomo ya ziada la kutwa nzima, kwani wastaafu wengi hujiponza hapo: wanairudisha shule nyumbani, wanachoka, kisha wanaiacha yote kwa mkupuo.

Utaona kwamba alichagua Alasiri, wala hakutaja saa 9 na nusu. Kwa wakazi wa mwambao wa kwetu, adhana ni kikumbusho kilichokuwapo kabla ya simu, na kina faida ya kufuata jua. Adhana ya Magharibi huko Lindi na Mtwara mwezi Juni na ile ya mwezi Februari hupishana kwa zaidi ya nusu saa. Ukitega kengele ya saa 12 na dakika 10 jioni ikuhimize kumwagilia bustani kabla giza halijaingia, kuna miezi itakayokuchelewesha na kuna miezi itakayokutoa jua likiwa bado kali. Funga shughuli hiyo kwenye jambo ambalo hutokea lenyewe kila siku: baada ya Alasiri, baada ya chai ya asubuhi, watoto wa shule wanapopita mlangoni kurudi makwao. Kama wewe ni Mkristo, adhana utaisikia vilevile, na haitakukataza kumwagilia mchicha.

Kwa vikumbusho vichache vitakavyobaki ndani ya simu, angalia namna vilivyoandikwa. Wewe umeandaa maandalio ya masomo kwa miaka mingi na unajua kwamba lengo mahususi huandikwa kwa kitendo kinachoonekana. Ungeandika "mwanafunzi aweze kuelewa sehemu", mkaguzi angekupigia mstari mwekundu. Ulitakiwa uandike "mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu zenye asili moja". Kikumbusho cha "mazoezi" kina ugonjwa huo huo. Mama wa Mikindani alikuwa na cha "afya", akakigeuza kuwa: "Vaa viatu, mpelekee dada mkubwa ufuta alioagiza." Kitendo cha kwanza ni kuvaa viatu, mwisho wa safari unajulikana, na kuna mtu anayengoja ufuta. Matembezi yamo humo humo bila kutajwa. Kwa kipimo hicho, "Baba, tabasamu" hakifai. Binti yako ana mapenzi, lakini hakuna kitendo ambacho mtu aliye peke yake barazani anaweza kukifanya kwa amri hiyo akabaki na heshima yake. Kifute bila kumuudhi.

Ipo aina nyingine ya vikumbusho ambayo watu wa mikoa yetu hawawezi kuikwepa, nayo ni ya msimu. Mama huyu ana shamba dogo la mikorosho upande wa Nanyamba, na aliyekuwa akimfuatilia tarehe ni marehemu mumewe. Mwaka wa kwanza wa kustaafu aliweka kwenye kalenda ya simu "kupuliza salfa" kwa tarehe aliyoikuta katika daftari la zamani. Tarehe ilipofika alipeleka vijana shambani, na mikorosho ilikuwa bado haijaanza kutoa maua, kwa hiyo salfa ya raundi ile ikapotea bure. Ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, hushambulia majani machanga na maua, na mkorosho huyatoa kwa wakati wake kati ya Juni na Agosti, mti mmoja ukiwahi na mwingine ukichelewa. Sasa kikumbusho chake cha Juni kinasema: "Nenda shambani, tazama machipukizi." Akikuta maua yameanza kuchomoza, raundi ya kwanza hupulizwa alfajiri kabla ya upepo, umande ukiwa bado majanini ili unga wa salfa ushike, na kuanzia siku hiyo ndipo anapoihesabisha simu siku 14 hadi raundi inayofuata. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaokupendekezea: jicho ndilo liamue mwanzo, na simu ihesabu siku, kwa sababu siku 14 ndizo ambazo akili ya mstaafu asiye na ratiba huzipoteza. Kama huna mikorosho, mgawanyo huo huo unafaa kwa tarehe ya kliniki, kwa uhakiki wa wastaafu mfuko wako unapoutangaza, na hata kwa kupalilia bustani yako mvua zinapoanza.

Sasa dawa. Hapa hakuna kufuata maji wala kusubiri hodi. Saa ndiyo inayotawala, na kengele lazima ilie. Kwanza, ipe mlio ambao simu yako haiutumii kwa jambo lingine lolote. Pili, jiwekee sharti kwamba hutaizima mpaka kidonge kiwe kiganjani na maji yako karibu. Ukiwa mbali na dawa, iache ilie mpaka uifikie, au inyanyue simu uende nayo. Kitufe cha kuahirisha usikiguse, kwa sababu hicho ndicho kinachozaa siku ya kutojua kama umemeza. Tatu, chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike tarehe nyuma ya kila kidonge kwenye karatasi yake, kuanzia leo hadi vitakapoisha. Shaka ikikujia, huhitaji kukumbuka kitu: geuza karatasi utazame kama tarehe ya leo imetobolewa. Kama unapewa vidonge ndani ya bahasha, andika juu yake idadi na tarehe uliyoanza, ndipo uweze kuvihesabu. Na pale ambapo bado huna uhakika, usimeze kingine kwa kubahatisha wala usimeze viwili siku ya pili kwa kufidia. Subiri wakati wa dozi inayofuata, na mweleze mfamasia au daktari wako siku ya kliniki.

Kuna mtego mmoja wa saa ambao nautaja kwa sababu mama wa Mikindani uliwahi kumnasa. Dawa yake ni ya saa 2 usiku, naye alipotega mwenyewe aliandika 02:00. Simu ilimwamsha saa 8 usiku wa manane, akazima akiwa nusu usingizini, na saa 2 usiku iliyofuata haikulia kitu. Saa 2 usiku kwenye simu ni 20:00. Ingia katika mipangilio ya saa uchague mfumo wa saa 24, halafu umwite mtu mmoja wa nyumbani asome nawe kile ulichoandika.

Mchana wako, kuanzia Adhuhuri hadi Alasiri, ningeuacha bila kikumbusho chochote. Joto la Lindi saa hizo hujulikana, na mtu aliyeamka alfajiri ana haki ya kujilaza bila kuruhusiwa na simu. Wapo wanaoona saa tupu kuwa ni aibu. Mimi sikubaliani nao. Saa tupu iliyokaa kati ya mambo mawili yenye watu haiisumbui siku, bali siku nzima tupu ndiyo inayosumbua. Kwa juma la kwanza, tafuta mambo mawili tu ya aina hiyo, moja la asubuhi na moja la jioni, wala si lazima yawe ya kila siku. Waweza kuwaandikia barua na fomu majirani wasiozoea kalamu, ukaketi kwa kazi hiyo Jumatatu asubuhi. Au ukachukua zamu ya kumsindikiza mjukuu shule. Hizo Jumanne na Alhamisi zinazokuchanganya zitaanza kutofautiana zenyewe, maana moja itakuwa na mtu na nyingine haitakuwa naye.

Kikumbusho kina mpaka wake, na ni vizuri uujue mama watoto akisikia. Mtu aliyekosa ratiba huinuka akipigiwa hodi. Ukijiona huinuki hata mtu akiwa mlangoni anakuita, usingizi umekatika, chakula hakina ladha, na hali hiyo imepita wiki mbili, hilo halitibiwi na simu wala kikao cha kikundi. Nenda kliniki ukaieleze kama unavyoeleza presha. Vivyo hivyo, kusahau kama ulimeza dawa mara moja baada ya kuzima kengele kwa mazoea ni jambo la kawaida, lakini ukianza kusahau njia ya nyumba uliyoizoea au kusahau kwamba ulizungumza na mtu asubuhi hiyo hiyo, mwende wawili kwa daktari, kwa sababu mke wako ataeleza yale ambayo wewe hutayakumbuka.

Binti yako naye mpe kazi. Mwambie asiongeze kikumbusho kingine akiwa Dar es Salaam bila kukuuliza, na kwamba badala ya vile 10 apige simu Jumapili jioni. Asikuulize kama umefanya mazoezi, kwa kuwa swali hilo hujibiwa "nimefanya" na mambo yakaishia hapo. Akuulize barua ya nani uliiandika Jumatatu na ilihusu nini, naye aseme mapema kwamba ataliuliza hilo.